Faili limekataliwa kwa kuwa na nenosiri: namna ya kumwandikia msajili

Mwombaji amelipa ada, amejaza fomu kwenye mfumo wa udahili wa chuo, amepakia vyeti vyake na kuona vimepokelewa. Siku mbili baadaye anapata ujumbe: nakala ya matokeo imekataliwa, faili lina nenosiri. Anashangaa. Analifungua faili lile kwenye simu yake na linafunguka papo hapo, halimuulizi kitu. Anamtumia rafiki yake kwa WhatsApp, na huko nako linafunguka. Basi anamwandikia msajili kwamba mfumo wa chuo una hitilafu, faili lake halina nenosiri lolote, na anaomba maombi yake yaendelee kushughulikiwa.

Barua hiyo itamchelewesha. Mfumo uko sahihi, na mwombaji naye anasema kweli kwa alichokiona. Wanazungumzia faili moja, ila kila mmoja anazungumzia kufuli lake.

Mtindo wa PDF, uliotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 na kufanywa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2008, unaruhusu faili moja kuwekewa nenosiri la aina mbili. La kwanza ni la kufungulia: bila hilo huoni hata ukurasa mmoja. Hili ndilo tunalolijua wengi, kwa sababu taarifa za benki na za miamala ya simu mara nyingi huja nalo. La pili ni la mmiliki. Hili halimzuii mtu kusoma. Linaweka masharti ya kinachoruhusiwa baada ya kufungua: kuchapisha, kunakili maandishi, kuhariri, kuongeza au kutoa kurasa.

Lisilofahamika sana ni kwamba faili lenye nenosiri la mmiliki peke yake nalo limesimbwa. Maandishi na picha zake zimegeuzwa fumbo, kama zilivyogeuzwa zile za taarifa ya benki. Tofauti ni kwamba nenosiri la kufungulia limeachwa tupu. Programu ya kusomea hujaribu nenosiri tupu, hufaulu, na kukuonyesha ukurasa bila kukuambia ilichofanya. Wewe unaona karatasi iliyo wazi. Lakini ndani ya faili kuna kipengele kiitwacho `/Encrypt`, na mfumo wa kupokea nyaraka ukikikuta unaweza kulikataa faili hapo hapo bila kuuliza ni nenosiri la aina gani. Ndiyo maana hoja ya "kwangu linafunguka" haimsaidii mwombaji.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kuandika barua, ni kulikagua faili. Kwenye kompyuta yenye Adobe Acrobat Reader, fungua faili kisha bonyeza `Ctrl` na `D` kwa pamoja. Dirisha la sifa za waraka litafunguka; nenda sehemu iliyoandikwa `Security`. Ukikuta `No Security`, faili liko wazi. Ukikuta `Password Security`, limefungwa, hata kama halikukuuliza kitu. Chini yake utaona orodha ya masharti: kipi kimeruhusiwa na kipi kimezuiwa. Mara nyingi hata juu kabisa ya dirisha, pembeni ya jina la faili, kunakuwa na neno `SECURED`. Ukaguzi huu ni wa dakika moja, na mwenye stesheneri yeyote mwenye kompyuta atakusaidia kuufanya.

Kwa wenye programu ya qpdf, amri hii inatoa jibu lile lile:

```
qpdf --show-encryption matokeo.pdf
```

Faili likiwa wazi, jibu ni `File is not encrypted`.

Swali linalofuata ni nani aliyelifunga, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua barua iandikwe vipi. Kuna wanaojifungia wenyewe bila kukumbuka. Programu ya Word, unapohifadhi waraka kuwa PDF, ina kisanduku cha kuweka nenosiri ndani ya machaguo yake. Baadhi ya programu za kuskani kwa simu nazo zina chaguo la kulinda faili, na aliyewahi kuliwasha kwa ajili ya jambo jingine anaweza kulisahau likiwa limewashwa. Wengine hufungiwa na aliyewaskania. Na wengine hupokea waraka uliokwisha kufungwa na ofisi iliyoutoa: benki, mwajiri, au chuo cha awali kilichotuma nakala ya matokeo ikiwa na zuio la kuhaririwa ili mtu asibadilishe alama. Hawa wa mwisho wana habari yao ya peke yao, nitaifikia.

Kabla ya hapo kuna njia ya mkato ambayo nawasihi waombaji waiache. Wengi, wakishaelewa kwamba faili lina nenosiri, humwandikia msajili na kumpa nenosiri lenyewe: "Nenosiri ni tarehe yangu ya kuzaliwa, naomba mlifungue." Inaonekana ni ushirikiano mzuri, kumbe ni kumtwika ofisa mzigo asioweza kuubeba. Faili la mwombaji halisomwi na mtu mmoja. Linapokelewa na mfumo ambao hauna mtu wa kukaa na kuandika nenosiri. Linatakiwa kukaguliwa kama lina virusi, na programu ya ukaguzi haiwezi kuona vizuri ndani ya kilichosimbwa. Huenda likaunganishwa na vyeti vingine kuwa jalada moja la mwombaji, likapelekwa idarani, likasomwa na kamati, kisha likahifadhiwa. Kila kituo katika safari hiyo kingehitaji nenosiri hilo. Na katika kumbukumbu za muda mrefu hali ni ngumu zaidi: PDF/A, kiwango kilichotungwa mwaka 2005 mahsusi kwa nyaraka za kutunzwa miaka mingi, kinakataza kabisa faili kusimbwa, kwa sababu nenosiri likipotea waraka umepotea.

Kuna na hatari kwa mwombaji mwenyewe. Manenosiri ya taarifa za benki na simu hutengenezwa mara nyingi kutokana na namba ya kitambulisho, namba ya simu au tarehe ya kuzaliwa. Ukiyaandika kwenye barua pepe, umeituma siri pamoja na kitu ambacho siri hiyo ilikusudiwa kukilinda.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Muuguzi anayefanya kazi Sumbawanga anaomba Shahada ya Uzamili ya Afya ya Jamii katika chuo kikuu kilichoko Dar es Salaam. Dirisha la maombi linafungwa Ijumaa tarehe 14, saa 10 jioni. Jumatano tarehe 12 anaambiwa kwamba faili la matokeo yake ya shahada ya kwanza limekataliwa. Mfumo umeshalifunga jalada lake, hawezi kubadilisha chochote hadi ofisi imfungulie. Anakwenda stesheneri, anakagua, anakuta `Password Security`, na kuhariri kumezuiwa. Anakumbuka kwamba aliskani nakala hiyo kwa simu mwaka uliopita, kwa ajili ya maombi ya kazi, na wakati ule aliifunga isichezewe.

Yeye ana bahati: karatasi halisi anayo. Njia salama kuliko zote ni kuiskani upya, kurasa zote, chaguo la ulinzi likiwa limezimwa. Kama asingekuwa na karatasi, na faili ni lake mwenyewe, angeweza kulifungua kwa nenosiri lake, akaenda sehemu ya kuchapisha, na badala ya kuchagua printa akachagua `Save as PDF`, au `Microsoft Print to PDF` kwenye kompyuta ya Windows. Faili jipya linalotoka hapo halina nenosiri. Njia hii hukwama pale ambapo zuio lenyewe ni la kuchapisha. Pia faili linalotoka linaweza kuwa kubwa kuliko la awali, kwa hiyo ni vizuri kulinganisha ukubwa wake na kikomo cha mfumo wa chuo kabla ya kumwandikia mtu. Mwenye qpdf na nenosiri lake angetumia amri moja:

```
qpdf --password=NENOSIRI --decrypt matokeo.pdf matokeo-wazi.pdf
```

Asichotakiwa kufanya ni kuyapeleka matokeo yake kwenye tovuti yoyote inayojitangaza kufungua PDF bure. Nakala ya matokeo ina jina, namba ya usajili, pengine na picha na tarehe ya kuzaliwa, na ukishaipakia kwa mtu usiyemjua huna namna ya kuirudisha. Chuo kinabanwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 katika namna ya kutunza taarifa za mwombaji. Tovuti ya kichochoroni iliyoko usikokujua haikupi uhakika huo.

Faili jipya likishakaguliwa na kuonyesha `No Security`, ndipo barua inaandikwa. Muuguzi wetu angeandika hivi:

Kichwa: Ombi la kupakia upya nakala ya matokeo, maombi namba (namba yake), Uzamili wa Afya ya Jamii

Ndugu Msajili,

Naitwa (jina kamili kama lilivyo kwenye vyeti), mwombaji wa Shahada ya Uzamili ya Afya ya Jamii, maombi namba (namba yake).

Jumatano tarehe 12 nilipokea ujumbe kupitia mfumo wa udahili kwamba nakala yangu ya matokeo ya shahada ya kwanza, faili liitwalo matokeo.pdf, imekataliwa kwa sababu ina nenosiri. Nimeikagua na kuona kwamba ni kweli. Iliwekewa zuio la kuhaririwa wakati wa kuskaniwa. Samahani kwa usumbufu huo.

Nimeiskani upya karatasi halisi, kurasa zote tatu, na nimehakikisha kwamba faili jipya halina nenosiri la kufungulia wala zuio lolote. Yaliyomo hayajabadilika.

Naomba unifungulie sehemu ya nakala ya matokeo ili nipakie faili hilo kabla ya dirisha kufungwa Ijumaa tarehe 14, saa 10 jioni. Iwapo utaratibu wa ofisi ni kulipokea kwa barua pepe, nimeliambatisha hapa. Nyaraka zangu nyingine zilikubaliwa na sihitaji kuzibadilisha.

Natanguliza shukrani.

Jina, namba ya simu, na anwani ya barua pepe iliyotumika kujisajili kwenye mfumo.

Ni barua fupi, na ufupi wake ni sehemu ya adabu yake. Tumelelewa kuamini kwamba ombi kwa mkubwa linahitaji utangulizi: salamu, kumtakia heri, "husika na kichwa cha habari hapo juu", kisha maelezo ya shida zote za nyumbani na safari. Katika barua ya kuomba kazi au ruhusa desturi hiyo ina nafasi yake. Hapa, ofisa mwenye foleni ndefu ya barua anatafuta vitu vichache tu: huyu ni nani kwenye mfumo, faili gani, kimetokea nini, anataka nini, hadi lini. Kumheshimu ni kumpa vitu hivyo bila kumlazimisha avitafute.

Namba ya maombi iko kwenye kichwa cha barua kwa sababu hapo ndipo inapoonekana kabla barua haijafunguliwa, na hata barua ikipelekwa kwa ofisa mwingine wa udahili inakwenda na namba yake. Jina ni lile la kwenye vyeti, hata kama mtaani mtu anaitwa vingine. Barua inatoka kwenye anwani ile ile iliyotumika kujisajili. Ikitoka kwenye anwani ya kaka au ya mwenye stesheneri, ofisi ina kila sababu ya kusita kumfungulia jalada mtu isiyemtambua.

Samahani imetajwa mara moja, na imefuatwa na maelezo ya kilichofanyika. Barua inayoomba radhi katika kila sentensi inamchosha msomaji na kuficha ombi. Ile inayolaumu mfumo nayo inafungua mjadala ambao mwombaji hana muda nao. Sentensi inayosema "nimeikagua na kuona kwamba ni kweli" inafanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana: inamwambia ofisa kwamba faili likirudi halitakataliwa tena kwa sababu ile ile. Hicho ndicho anachohofia, kwamba atamfungulia mtu jalada kisha aone faili lile lile limerudi likiwa na jina jipya.

Maneno "yaliyomo hayajabadilika" nayo yana uzito. Mtu anayeomba kubadilisha nakala ya matokeo siku mbili kabla ya dirisha kufungwa anaweza kutiliwa shaka kwamba anataka kuleta alama nyingine. Ni haki ya chuo kujiuliza hivyo. Mwombaji anaondoa shaka kwa kusema mapema kwamba ni karatasi ile ile, na kwa kuomba sehemu moja tu ifunguliwe. Anayeandika "naomba mnifungulie maombi yangu nirekebishe" anaomba jambo kubwa kuliko analohitaji, na pengine ofisa hana mamlaka ya kulitoa.

Kuhusu lugha, fuata ile iliyotumika kwenye ujumbe wa kukataliwa. Vyuo vyetu vingi huwasiliana na waombaji kwa Kiingereza, na barua hii ikihamishiwa huko mpangilio wake unabaki ule ule.

Sasa kwa yule ambaye waraka wake ulifungwa na ofisi iliyoutoa. Hapa kuna mtego. Kitaalamu, zuio la mmiliki ni rahisi kuliondoa. Ziko programu zinazoweza kuliondoa hata bila nenosiri, kwa sababu faili tayari linafunguka kwa nenosiri tupu. Lakini chuo kilichotoa matokeo kilikuwa na sababu ya kulinda waraka wake, na mwombaji anayelivua zuio hilo anabaki na nakala ambayo hawezi kueleza ilifunguliwa na nani. Mbaya zaidi ni pale waraka unapokuwa na saini ya kidijitali. Ukiuchapisha kuwa PDF mpya, picha ya saini inaweza kubaki ukurasani, ila uthibitisho wake unakufa. Chuo kinachopokea kikijaribu kuihakiki, hakitakuta cha kuhakiki.

Huyu aandike barua mbili. Moja inakwenda kwa chuo cha awali, kuomba nakala isiyo na nenosiri, au matokeo yatumwe moja kwa moja kwa chuo anachoomba. Ya pili inakwenda kwa msajili, na ndani yake sentensi ya kuskani inaondoka, na mahali pa aya ya tatu na ombi la aya ya nne panakaa maneno haya: "Faili hili lilitolewa na chuo nilichosoma likiwa limefungwa, nami sijalibadilisha ili nisiharibu uhalali wake. Leo nimeomba nakala iliyo wazi. Naomba kuelekezwa kama ofisi inaweza kupokea matokeo moja kwa moja kutoka chuoni hapo, au kama ninaweza kupewa muda hadi nakala hiyo ifike." Hapo anaomba mwongozo na muda, kwa sababu faili safi bado hana. Asijifanye analo.

Baada ya kutuma, subira ina kipimo chake. Muuguzi wa Sumbawanga aliyeandika Jumatano mchana asitume barua ya pili jioni hiyo hiyo yenye maneno tofauti. Barua mbili huweza kuangukia kwa maofisa wawili na kupata majibu mawili. Alhamisi mchana, kama hajajibiwa, anaweza kupiga simu ya dawati la udahili na kutaja namba ya maombi na saa aliyotuma. Akifunguliwa, apakie mara moja, kisha alipakue faili kutoka kwenye mfumo na kulikagua tena. Ninasisitiza hili la kulipakua, kwa sababu ni rahisi mno, ukiwa na haraka na mafaili mawili yenye majina yanayokaribiana, kupakia lile la zamani. Jina kama `matokeo-wazi.pdf` linapunguza hatari hiyo.

Ijumaa ikipita bila jibu, barua yake ya Jumatano bado ina thamani, kwa kuwa inaonyesha kwamba aliomba kabla ya muda kwisha na kwamba faili safi lilikuwa limeambatishwa. Kwa waombaji wa shahada ya kwanza nchini Tanzania, ambao tangu mwaka 2017 huomba moja kwa moja vyuoni, Tume ya Vyuo Vikuu imekuwa ikiendesha udahili kwa awamu zaidi ya moja, hivyo huenda kukawa na dirisha jingine. Uzamili una ratiba ya kila chuo, na muuguzi wetu atalazimika kumuuliza msajili huyo huyo.

Nina ombi kwa ofisi za udahili pia. Maelekezo ya kupakia nyaraka hutaja ukubwa wa faili na aina yake, ila mara nyingi hayasemi chochote kuhusu nenosiri. Andikeni wazi kwamba faili lisiwe na nenosiri la kufungulia wala zuio la kuchapisha au kuhariri. Ukaguzi huo ufanyike wakati ule ule mwombaji anapopakia, ili aambiwe akiwa bado yuko kwenye mfumo na dirisha lake likiwa wazi, na aambiwe ni faili lipi. Wasajili, mambo hayo yakiwekwa sawa kabla ya msimu ujao, barua nyingi za namna hii hazitahitaji kuandikwa.